Kipa wa kompyuta hana goti la kuumia

Jioni ukiingia duka la kubeti, hukosi kumkuta jamaa anayebeti mechi za mpira za kompyuta, na daftari la shule, kurasa zimejaa 1, X na 2, yaani wenyeji, sare na wageni. Atakuambia: "Hii timu imekosa ushindi mechi tano mfululizo, ya sita lazima ishinde."

Haina lazima, kwa sababu timu yenyewe haipo. Kuna jina, jezi na uwezekano uliowekwa kwenye programu. Tuseme timu hiyo imepewa nafasi 43 kati ya 100. Programu huchomoa nambari nasibu, kama mtu anayetia mkono kwenye mfuko wenye gololi 100, nyekundu zikiwa 43, kisha gololi hurudishwa kabla ya mechi inayofuata. Kukosa nyekundu mara tano mfululizo hutokea takriban mara 6 katika kila mafungu 100 ya mechi tano. Mechi zenyewe huchezwa kila dakika chache, mchana na usiku, kwa hiyo mifululizo hiyo haitakosekana kwenye daftari. Na mechi ya sita? Nafasi ni 43 zilezile.

Mwingine hana daftari, anasema yeye husoma mchezo. Lakini picha za skrini hufuata matokeo yaliyokwisha kuchomolewa, haziyatengenezi. Kwenye ligi ya kweli unaweza kusikia kipa kaumia kabla kampuni haijabadilisha odi, yaani kiasi inacholipa kwa kila shilingi ukipatia. Huyu wa kompyuta hana goti la kuumia.

Kuna na wale wanaodai mashine huangalia wengi wameweka wapi, halafu inawachinja. Haihitaji kujisumbua. Chukua mechi yenye odi 2.10 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 3.10 kwa wageni. Gawa 1 kwa kila odi, ujumlishe: 0.476, 0.313 na 0.323, jumla 1.11 hivi. Odi za haki zingeleta 1 kamili. Hiyo ziada ndiyo mshahara wa kampuni: kwa wastani, kila shilingi 100 unayoweka inarudi kama 90, na ziada ikigawanywa sawa ni hivyo hata uchague upande gani. Kwa mechi 20 ndani ya saa moja, ukiweka 50 kila mechi, umezungusha 1,000 na wastani wa hasara ni 100. Usiku mmoja unaweza kupata, bila shaka. Ila kupata huko hakukutokana na kujua.

Mkeka mrefu, yaani mechi nyingi kwenye tiketi moja, ndio mbaya zaidi, ingawa ndio unaopendwa. Kila mechi unayoongeza inakata tena: 90 inakuwa 81, mechi ya tatu 73.

Na muuza "fiksi" za mechi hizi, yaani matokeo anayodai kuyajua mapema, je? Huyo anahitaji wateja 90 tu. Thelathini anawatumia 1, thelathini X, thelathini 2. Kila mechi ana mashahidi thelathini wa kweli.