Mteja mkubwa ni yupi? Dhana potofu za duka la mwaloni

Dhana: Mteja mkubwa ni yule anayebeba vingi kwa mkupuo.

Tuchukue duka la mfano karibu na mwalo wa Igombe, Mwanza, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Mwalimu anakuja mara mbili kwa mwezi, mshahara ukitoka na katikati ya mwezi, na anaacha jumla ya shilingi 75,000: kiroba cha unga, mchele, sukari. Nyumba ya Mama Neema, wanaoishi kwa kuvua dagaa, wanakuja mara 24 na kuacha 63,000. Kila safari ni kama 2,600 hivi: mafuta ya kupima, robo ya sukari, kipande cha sabuni.

Wauza duka wengi watamhudumia mwalimu kwa heshima na kumwambia mtoto wa Mama Neema asubiri. Lakini vitu vya kiroba vina faida ndogo, kwa sababu bei yake kila mtu anaijua. Tuseme ni asilimia 6: mwalimu ameacha faida ya 4,500. Vitu vya kupima, tuseme ni asilimia 15: nyumba ile imeacha 9,450. Kwa hiyo pima mambo mawili pamoja, mteja anakuja mara ngapi na kila safari ananunua kiasi gani, kisha ndiyo uangalie faida.

Dhana: Kila anayesimama dirishani ni mteja mmoja.

Hapa ndipo daftari nyingi zinapoharibika. Mama Neema mwenyewe alikuja mara 6 akanunua vya 30,000. Mtoto alitumwa mara 14, vya 21,000. Baba alipita mara 4, vya 12,000. Ukiwaandika mmoja mmoja unapata mteja wa kati, mtoto wa vitu vidogo na mzee anayepita kwa nadra, na hakuna hata mmoja anayeonekana wa maana. Jiko lao ni moja. Andika nyumba, si mtu: "kwa Mama Neema", tarehe, kiasi. Majirani huwa wanajua nani katumwa na nani, na wewe muuza duka unajua zaidi yao.

Dhana: Wiki mbili za kuandika zinatosha.

Mjini kati huenda zikakaribia kutosha. Mwaloni hapana. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haivuti dagaa vizuri, hivyo mitumbwi mingi hupumzika siku zile za mwezi mpevu. Hela ya mvuvi inafuata mwezi wa angani, si kalenda ya mshahara.

Nyumba ile ile, katika wiki mbili zinazozunguka mwezi mpevu, ilikuja mara 7 tu na kununua vya 11,000. Ukizidisha kwa mbili utadhani mwezi mzima ni 22,000, na utaihesabu kati ya wateja wadogo, wakati ukweli ni 63,000. Ukiandika wiki za giza peke yake utakosea upande wa pili, utaweka mzigo mwingi kisha ukae nao. Andika mzunguko mzima, yaani siku 29 au 30, na ikiwezekana miwili mfululizo.

Kuna mtego mwingine humo humo. Wakati wa mbalamwezi watu hukopa, giza likirudi wanalipa kwa mara moja. Ukiandika malipo ya deni kama mauzo ya siku hiyo, nyumba itaonekana imenunua kikapu kikubwa ambacho hakikuwepo. Andika bidhaa siku zinapochukuliwa, fedha taslimu au mkopo, na malipo ya deni yawe na safu yake.

Dhana: Kugawa wateja kunahitaji kompyuta.

Daftari linatosha. Ukiwa na nyumba 40, zipange kwa idadi ya safari na ukate katikati, kati ya ya 20 na ya 21. Fanya hivyo tena kwa wastani wa kila safari. Unapata mafungu manne. Usikate kwa kutumia wastani wa duka zima, maana walimu wawili watatu wanaupandisha hadi karibu nyumba zote zinaonekana ndogo.

Fungu la safari nyingi na kikapu kidogo linataka chenji, vipimo vidogo na duka lililofunguliwa alfajiri mitumbwi inaporudi. Mafuta ya kupima yakikosekana siku mbili, nyumba hizo zinahamia duka la pili. Fungu la safari chache na kikapu kikubwa linataka viroba viwepo tarehe za mshahara, basi. Waliobaki katika mafungu mawili mengine waangalie tena mzunguko ujao, kwa sababu baadhi yao huenda wako njiani kuhama fungu, na anayepungua safari huonekana kwenye daftari kabla hujagundua kwamba humwoni tena.