Kulinganisha kwa Sturm si kupishana kwa sifuri

Katika rundo la karatasi nilizosahihisha muhula huu, sentensi moja ilijirudia mpaka nikashuku watu wamenakiliana: "Kwa nadharia ya kulinganisha ya Sturm, sifuri za milinganyo miwili hupishana." Siku chache baadaye nikaisikia tena, safari hii kwa mtu mzima aliyesimama ubaoni na chaki mkononi. Nikaona sasa basi.

Nadharia yenyewe haina maneno mengi. Chukua milinganyo miwili tofautishi ya daraja la pili:

```
y'' + p(x) y = 0
z'' + q(x) z = 0
```

Hapa p na q ni funksheni zisizokatika, na kwenye kipande tunachokiangalia q haishuki chini ya p hata mahali pamoja, tena kuna mahali inapoipita. Basi kati ya sifuri mbili zinazofuatana za y, z lazima iwe na sifuri angalau moja. Hilo ni kweli kwa kila z inayotimiza mlinganyo wake, isipokuwa ile ambayo ni sifuri kila mahali. Kwa lugha ya mtaani, yenye q kubwa inapembea haraka zaidi. Nadharia hii imechukua jina la Charles Sturm, mzaliwa wa Geneva, aliyeitoa Paris mwaka 1836.

Neno "sifuri" hapa halina maana ya tarakimu. Ni mahali kwenye mstari wa x ambapo jawabu linakatiza mstari huo, yaani pale y(x) = 0. Mwarabu akisema ṣifr alikuwa na maana ya kitu kitupu, na ndivyo ilivyo hapa: kwenye sifuri jawabu halina kimo. Hili halijanikera kamwe. Linalonikera ni "kulinganisha".

Tazama mzizi wake. Vitu vikilingana, vimekuwa sawa au vimeoana vizuri. Kutoka hapo tumepata "mlinganyo", maana upande wa kushoto unalingana na wa kulia. Tumepata pia "kulinganisha", ambalo limebeba mizigo miwili: kuvifanya vitu viwe sawa, na kuviweka ubavu kwa ubavu ili uone kipi kimezidi. Fundi akikuambia alinganishe miguu ya meza, ataukata ule mrefu. Muuza nguo akikuambia ulinganishe vitambaa, hakati kitu, anataka uchague. Sturm yuko na muuza nguo. Ila mwanafunzi anaposikia "kulinganisha milinganyo", mzizi mmoja mara mbili katika maneno mawili, sikio lake linamwambia kwamba mwisho wa kazi lazima kuwe na usawa: huyu sifuri moja, yule sifuri moja, zamu kwa zamu kama watoto kwenye pembea. Hapo ndipo "hupishana" linapoingilia.

Na kupishana kupo kweli, ila ni kwa nadharia nyingine. Ukichukua mlinganyo mmoja na majawabu yake mawili ambayo si kizidisho cha mwenzake, sifuri zao hupishana kabisa: kati ya mbili zinazofuatana za huyu kuna moja tu ya yule, na kinyume chake. Sine na cosine ndio mfano wa kila siku, maana zote mbili zinatimiza y'' + y = 0. Hiyo ni nadharia ya kutenganisha. Nayo ina jina la Sturm, na nadhani hapo ndipo mkorogo ulipoanzia. Lakini kule mlinganyo ni mmoja. Kwenye kulinganisha ni miwili, na ahadi inakwenda upande mmoja tu.

Tuone kwa macho. Weka p = 1 na q = 25. Jawabu moja la mlinganyo wa kwanza ni sin x, lenye sifuri 0 na π. La pili ni sin 5x. Ndani ya nafasi hiyo moja, sin 5x inakatiza mstari mara nne: π/5, 2π/5, 3π/5 na 4π/5. Nne kwa sifuri, kupishana kuko wapi? Kisha geuza swali: kati ya π/5 na 2π/5, sin x ina sifuri ngapi? Haina hata moja. Mwenye haraka hamdai mwenzake chochote.

Sababu ya upande huo mmoja imo ndani ya uthibitisho, na uthibitisho ni mfupi kiasi kwamba sioni kwa nini mtu auruke. Chukua a na b, sifuri mbili zinazofuatana za y. Tuseme, kwa ubishi tu, kwamba z haina sifuri katikati. Tukigeuza alama inapobidi, y na z zote ziko juu ya mstari kati ya a na b. Sasa unda

```
W = y'z - yz'
```

Tafuta mteremko wa W. Vipande vya y'z' vinafutana, na ukiingiza milinganyo yetu miwili unabaki na W' = (q − p)yz. Hiyo haiwi hasi popote, na mahali fulani ni chanya, kwa hiyo W(b) lazima iwe kubwa kuliko W(a). Lakini nenda ukaangalie mipakani. Pale a, y ni sifuri nayo inapanda, kwa hiyo W(a) = y'(a)z(a) haiwezi kuwa hasi. Pale b, y inashuka, kwa hiyo W(b) = y'(b)z(b) haiwezi kuwa chanya. Mipaka inasema W haikupanda, mteremko unasema imepanda. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili, kwa hiyo z ilikuwa na sifuri humo ndani tangu mwanzo.

Sasa badilisha nafasi zao: anza na sifuri mbili za z, useme y haina sifuri katikati. Mteremko unageuka kuwa (p − q)zy, yaani unashuka, na mipaka nayo inasema kushuka. Wote wamekubaliana, hakuna ugomvi, kwa hiyo hakuna cha kuhitimisha. Hapo ndipo neno "hupishana" linapofia.

Kazi ambayo nadharia hii inaifanya vizuri huonekana mahali ambapo jawabu haliandikiki kwa sine wala cosine. Mlinganyo wa Bessel wa daraja sifuri, ule unaotokea mtu akitaka kujua ngozi ya ngoma ya duara inavyotikisika, ni huu:

```
y'' + (1/x) y' + y = 0
```

Jawabu lake moja linaitwa J₀. Ukiandika u = √x · J₀(x), kipande chenye y' kinaondoka na unabaki na

```
u'' + (1 + 1/(4x²)) u = 0
```

Kwa x iliyo juu ya sifuri, √x haiwi tupu popote, kwa hiyo sifuri za u ni zilezile za J₀. Na kilichomo kwenye mabano daima kinazidi 1. Basi linganisha na v'' + v = 0. Simama kwenye sifuri yoyote ya u, iite a, uchukue v = sin(x − a). Sifuri inayofuata ya v ni a + π. Mwenye haraka ni u, kwa hiyo lazima akatize kabla ya hapo. Bila kukokotoa hata tarakimu moja tumejua kwamba sifuri mbili zinazofuatana za J₀ zimeachana kwa chini ya π.

Hesabu zinakubali. Sifuri nne za mwanzo ni 2.4048, 5.5201, 8.6537 na 11.7915. Nafasi zake ni 3.1153, kisha 3.1336, kisha 3.1378, na π ni 3.1416. Zinaisogelea π bila kuifika, kwa sababu kile cha ziada, 1/(4x²), kinayeyuka kadiri x inavyokua. Kwa J₁, jawabu la mlinganyo wa Bessel wa daraja moja, mambo yanageuka. Kwenye mabano kunakuwa 1 − 3/(4x²), ambayo ni pungufu ya 1, kwa hiyo safari hii sine ndiyo yenye haraka, na nafasi za J₁ zinazidi π: kutoka 3.8317 hadi 7.0156 ni 3.1839, na kutoka hapo hadi 10.1735 ni 3.1579. Wakati wote huo vimo vya mawimbi ya J₀ na J₁ vinazidi kupungua. Kimo cha wimbi hakiingii kabisa katika hadithi ya nani ana haraka, ingawa nimeona watu wakiutazama mchoro na kuamua kwa macho.

Kile kitendo cha kuondoa y' usikichukulie kama usafi wa mwandiko. Rudi kwenye mlinganyo wa J₀ kabla ya kuusafisha: mbele ya y kuna 1, na kwenye v'' + v = 0 pia kuna 1. Mtu wa haraka atasema ni sawa, nafasi zote ni π kamili, nasi tumeona si kweli. Mfano mkali zaidi ni huu:

```
y'' + 2y' + 2y = 0
```

Mbele ya y kuna 2. Ukiulinganisha hivyohivyo na z'' + 1.5z = 0 utaapa kwamba wa kwanza una haraka zaidi. Lakini jawabu lake moja ni e⁻ˣ sin x, lenye nafasi za π, wakati nafasi za z ni π/√1.5, kama 2.565. Mwenye haraka ni z. Ukiandika y = e⁻ˣu kwanza, unapata u'' + u = 0, na namba ya kulinganisha ilikuwa 1 siku zote, wala si 2. Kwa mlinganyo y'' + P(x)y' + Q(x)y = 0, kinachopelekwa kwenye mizani ni Q − P²/4 − P'/2. Jaribu kwa P = 1/x na Q = 1 uone kama hupati 1 + 1/(4x²).

Yule bwana wa ubaoni alikuwa amebakiza chaki kidogo, kwa hiyo nilimwomba asifute sentensi yake bali aitie viraka. Aliweka "angalau" mahali pa kupishana, akabainisha ni nani anayezunguka nani, na ikasomeka hivi: "Kati ya sifuri mbili zinazofuatana za jawabu la mlinganyo wa polepole kuna angalau sifuri moja ya kila jawabu la mlinganyo wa haraka, milinganyo yote miwili ikiwa imeshaondolewa y'." Ndefu kidogo, lakini sikuwa na la kusahihisha.