Rigresheni ya Poisson na wagonjwa wa kila siku: dhana potofu na ukweli

Chukua zahanati inayofungua Jumatatu hadi Ijumaa. Kila mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA, na mwaka ukiisha una siku 250, kila moja na idadi yake. Unataka kujua kama siku za mvua wagonjwa hupungua. (Takwimu za zahanati hii ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ifuatike.) Kwa kuwa unahesabu watu, namba ni nzima na haziendi chini ya sifuri, kwa hiyo watu wengi huanza na rigresheni ya Poisson: logi ya wastani wa wagonjwa inaelezwa na siku ya wiki pamoja na mvua.

Sharti lake zito ni moja. Varianse inatakiwa ilingane na wastani. Siku ambayo modeli inatarajia wagonjwa 36, varianse nayo iwe 36, yaani idadi halisi icheze kama watu 6 juu au chini. Dhana potofu nyingi zinatokana na kulisoma sharti hili vibaya.

Dhana potofu: Varianse ya data ikizidi wastani, Poisson haifai.

Ukweli: sharti linahusu idadi *baada ya* modeli kueleza inachoweza kueleza. Halihusu safu nzima ya data ikiwa ghafi.

Tuseme Jumatatu huja wagonjwa 60 kwa wastani, kwa sababu waliougua wikiendi wote wanafika siku hiyo, na siku nyingine nne huja 30. Tuseme pia kila siku inafuata Poisson bila kasoro yoyote. Wastani wa wiki ni 36. Ukipima varianse ya safu nzima utapata 180: kuna 36 ya bahati nasibu ya kila siku, na 144 inayotokana tu na Jumatatu kuwa mbali na wenzake. Varianse ni mara 5 ya wastani, na bado Poisson haina kosa lolote. Weka siku ya wiki kwenye modeli, ile 144 yote inaondoka. Anayeikataa Poisson kwa kuangalia histogramu ya data ghafi ameikataa kabla ya kuijaribu.

Dhana potofu: Programu ingeniambia kama modeli haikai vizuri.

Ukweli: haikuambii. Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaingia hadi kwenye ripoti zinazoamua idadi ya wauguzi. Ukiita `summary` kwenye R, chini ya jedwali kuna maneno `(Dispersion parameter for poisson family taken to be 1)`. Wengi huyasoma kama matokeo ya kipimo. Yanachosema ni kwamba R *imechukulia* mtawanyiko ni 1, kisha ikakokotoa makosa sanifu yote juu ya dhana hiyo. Kupima ni kazi yako:

```r
m <- glm(wagonjwa ~ siku + mvua, family = poisson, data = d)
sum(residuals(m, type = "pearson")^2) / df.residual(m)
```

Mabaki ya Pearson ni tofauti kati ya idadi halisi na iliyotarajiwa, ikigawanywa kwa mzizi wa iliyotarajiwa. Unayapiga kipeo cha pili, unayajumlisha, kisha unagawa kwa idadi ya siku ukitoa vigawo vilivyokadiriwa. Modeli ikikaa vizuri, jibu huwa karibu na 1.

Sasa tuseme zahanati yetu si shwari kama ile ya mwanzo. Jumla imetoka 976. Siku ni 250 na vigawo ni 6, kwa hiyo tunagawa kwa 244 na kupata 4. Mabaki yametawanyika mara nne ya kile Poisson inachoruhusu, na makosa sanifu yanatakiwa yakuzwe kwa mzizi wa 4, yaani mara mbili.

Angalia hilo linavyofanya kwenye mvua. Kigawo chake ni −0.06. Ukikitoa kwenye logi unapata 0.94: siku za mvua wagonjwa ni pungufu kwa takriban asilimia 6. Kosa sanifu lililochapishwa ni 0.025, hivyo uwiano huo uko kati ya 0.90 na 0.99, na unaandika kwamba mvua inapunguza wagonjwa. Lirekebishe liwe 0.05, masafa yanakuwa 0.85 hadi 1.04. Yamevuka 1. Makadirio hayakubadilika hata kidogo. Uhakika uliouona ndio haukuwepo.

Dhana potofu: Mtawanyiko ukizidi, hamia binomia hasi na kazi imekwisha.

Ukweli: binomia hasi inakubali varianse kubwa, lakini haikuambii imetoka wapi. Kabla ya kubadilisha modeli, panga siku kwa ukubwa wa mabaki, chukua kumi za juu na kumi za chini, kisha fungua kitabu. Huenda za juu zote zimeangukia wiki mbili za mlipuko wa kuhara, na za chini ni siku ambazo dawa ziliisha na watu wakapeana habari wasije. Hizo ni safu mbili zinazokosekana. Ziongeze, na ile 4 inaweza kushuka hadi 1.6. Kinachobaki ndicho cha kuikabidhi binomia hasi, au quasi-Poisson, ambayo inaacha vigawo vilevile na kukuza makosa sanifu tu. Ukiruka hatua hii, athari ya dawa kuisha inaweza kujificha ndani ya mvua, ikiwa barabara ikijaa tope ndipo na gari la dawa linapochelewa. Hapo kigawo chenyewe kimepotoka, na hakuna kukuza makosa sanifu kutakakokinyoosha.

Dhana potofu: Sifuri nyingi zinataka modeli maalumu ya sifuri.

Ukweli: inategemea wastani. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu za askari wa Prusia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika rekodi 200 za kikosi kwa mwaka, 109 zilikuwa sifuri, zaidi ya nusu. Wastani ulikuwa 0.61, na Poisson yenye wastani huo inatarajia sifuri 108.7. Hakuna sifuri iliyozidi hapo. Kwenye zahanati yenye wastani wa 36, kinyume chake, sifuri hata moja ni ya kushangaza. Karibu kila mara ni sikukuu iliyoandikwa 0 badala ya kuachwa wazi. Siku iliyofungwa iondolewe. Si siku ambayo hakuna aliyeugua.

Dhana potofu: Uwiano wa mtawanyiko ukiwa karibu na 1, modeli imepona.

Ukweli: uwiano ule haujui mpangilio wa siku. Homa ikiingia kijijini, wagonjwa huzidi leo, kesho na keshokutwa, na siku 250 hazikupi tena taarifa ya siku 250 zinazojitegemea. Panga `d` kwa tarehe kabla ya kuita `glm`, kisha:

```r
acf(residuals(m, type = "pearson"))
```

Mstari wa kwanza baada ya ule wa 0 ukitoka nje ya mistari ya vidoti, mabaki ya leo yanafanana na ya jana. Binomia hasi haigusi tatizo hili. Jaribu kwanza kuongeza mwezi au mkunjo wa msimu. Ufanano ukibaki, tumia makosa sanifu ya Newey-West, yanayozingatia ufanano wa siku zinazofuatana na yanayopatikana kwenye kifurushi cha `sandwich`, kisha soma upya masafa ya mvua.