Jeni moja au jeni mamia: wapi alama za DNA zinatosha, wapi utabiri wa jenomu unahitajika, na wapi shamba linabaki kuwa hakimu

Swali la kwanza katika kupanga programu ya kuboresha zao linahusu sifa yenyewe, na maabara huja baadaye: sifa hii inaongozwa na jeni ngapi, na kila jeni inachangia kiasi gani? Jibu ndilo linaloamua kama utatumia uteuzi kwa alama za DNA, uteuzi wa kijenomu, au uteuzi wa kawaida wa kuangalia mimea na kupima mavuno. Alama ya DNA ni sehemu ya DNA inayotofautiana kati ya mimea na kupimika maabara, nayo huonyesha jeni iliyo jirani nayo. Mwanafunzi anayeruka swali hili hujikuta amelipia vipimo vya maelfu ya mimea kwa sifa ambayo macho na rula vingeimaliza, kwa mfano urefu wa mmea unaoongozwa na jeni moja kubwa.

Tuanze na jeni moja, na mfano ulio wazi kuliko yote: mpunga unaovumilia kuzama majini. FR13A, aina ya kienyeji ya India, huvumilia kufunikwa na maji kwa takriban wiki mbili, lakini mavuno yake ni duni. Uvumilivu huo ulipochunguzwa, karibu asilimia 70 ya tofauti kati ya mimea ilitoka eneo moja la kromosomu ya 9, likaitwa Sub1. Mwaka 2006 jeni inayohusika, Sub1A, ikatambuliwa. Wakati huo Swarna, mbegu iliyopendwa sana na wakulima wa India, ilikuwa inakufa mafuriko yanapokuja. Kazi ilikuwa kuingiza kipande kimoja cha kromosomu ndani ya Swarna bila kuharibu kitu kingine. Swarna-Sub1 iliruhusiwa rasmi kulimwa India mwaka 2009.

Kwa njia ya kawaida, kazi hii ni krosi rejeshi: unakrosi mtoaji na Swarna, kisha uzao unaoonyesha uvumilivu unaukrosi tena na Swarna, mara kwa mara. Kwa wastani BC1, yaani uzao wa krosi rejeshi ya kwanza, ina asilimia 75 ya jenomu ya mzazi mpokeaji, BC2 asilimia 87.5, BC3 karibu 94, na BC6 ndiyo inayofika 99. Lakini wastani huo ni wa jenomu nzima. Jirani na jeni unayoishikilia, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kila unapochagua jeni unachagua na majirani zake. Chukua kromosomu yenye jeni katikati na urefu wa sentimogani 100, kipimo ambacho moja yake ni karibu asilimia 1 ya uwezekano wa kromosomu kukatika na kubadilishana kipande hapo katika kizazi kimoja: hata baada ya krosi rejeshi sita, kipande cha mtoaji kinachotarajiwa kubaki ni kama sentimogani 32, karibu theluthi ya kromosomu. Humo zimo jeni za mtoaji ambazo hukuzitaka, na ndiyo maana mbegu nyingi za krosi rejeshi huwa na ukinzani uliotafutwa lakini zinachelewa kukomaa au punje zake hazifanani na za mzazi. Tena kila kizazi lazima uzamishe miche majini na kusubiri. Jaribio hilo huyumba kwa joto, mwanga na uchafu wa maji, na mche dhaifu unaweza kufa ukiwa na jeni.

Alama za DNA hubadilisha mambo matatu hapa. Unachukua jani la mche mchanga, unajua kabla ya kuchanua nani ana jeni, na unakrosi msimu uleule. Hilo ndilo jambo la kwanza, na ndilo linalotajwa sana. La pili ni muhimu zaidi: unaweza kutafuta kwa makusudi mmea ambao kromosomu yake imekatika karibu na jeni.

Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa kabla ya kupanda hata mbegu moja. Tuseme una alama iliyo sentimogani 5 upande wa kushoto wa jeni. Katika BC1, kati ya mimea yenye jeni, karibu asilimia 5 itakuwa imekatika ndani ya kipande hicho. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kupata angalau mmoja, unahitaji ln(0.05)/ln(0.95), yaani mimea 59 yenye jeni. Kwa kuwa nusu tu ya uzao hubeba jeni, panda kama 120. Katika BC2 unarudia hesabu hiyohiyo kwa upande wa kulia. Ukitaka pande zote mbili zikatike kizazi kimoja, uwezekano unashuka hadi 0.0025 na mahitaji yanapanda hadi mimea karibu 1,200 yenye jeni. Kwa hiyo vizazi viwili vya mimea 120 hufanya kazi ambayo kizazi kimoja kingedai mimea 2,400.

Jambo la tatu ni kuangalia sehemu nyingine ya jenomu. Hapa mpangilio wa hatua huokoa fedha: pima kwanza alama ya jeni kwa mimea yote, kisha alama za jirani kwa nusu iliyobaki, na alama za jenomu nzima uzitumie tu kwa ile michache iliyokatika vizuri. Katika BC1 wastani ni asilimia 75, lakini mimea hutofautiana, na ipo inayovuka 80. Kuichagua hiyo kila kizazi ndiko kunakowezesha kumaliza kazi kwa BC2 au BC3 badala ya BC6.

Kosa linaloharibu miradi mingi ya aina hii ni kuamini alama iliyo mbali na jeni. Ukichagua kwa alama moja iliyo sentimogani 5 kutoka kwenye jeni, kila kizazi unapoteza jeni katika asilimia 5 ya mimea unayodhani inayo. Baada ya vizazi vitatu, 0.95³ ni 0.86, maana yake mmea mmoja kati ya saba una alama bila jeni. Utaligundua mwishoni, mistari "yenye jeni" inapokufa kwenye jaribio. Tiba ni alama iliyo ndani ya jeni yenyewe, au alama mbili zinazoizingira pande zote. Na hata ukiwa na alama nzuri, kipime kizazi cha mwisho kwa sifa halisi.

Sasa hamia kwenye mavuno. Hapa hakuna Sub1. Kuna mamia ya maeneo, kila moja likisogeza mavuno kidogo sana. Miaka mingi watafiti walijaribu kutumia njia ileile: tafuta maeneo yenye mchango, chagua alama zake, kusanya. Matokeo yalivunja moyo, na sababu mojawapo ilielezwa na mtafiti Beavis: ukitafuta maeneo hayo katika uzao wa mimea mia moja hivi, yale yanayovuka kizingiti cha takwimu huvuka kwa sababu makadirio yao yamekuzwa na bahati. Eneo lililoonekana kueleza asilimia 15 ya tofauti linaweza kuwa na asilimia 3 tu. Ukilihamisha, hupati ulichoahidiwa.

Mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard walipendekeza njia nyingine, uteuzi wa kijenomu: usichague alama zipi ni muhimu, bali kadiria mchango wa alama zote kwa pamoja, kisha jumlisha. Unahitaji kundi la mafunzo, yaani mistari iliyopimwa mavuno shambani na pia kupimwa DNA. Modeli inajifunza hapo, kisha inatabiri thamani ya wagombea ambao wana DNA tu. Kwa kifurushi cha rrBLUP katika R, kiini chake ni hiki, alama zikiwa zimeandikwa -1, 0 na 1:

```r
library(rrBLUP)
fit  <- mixed.solve(y = y_mafunzo, Z = M_mafunzo)
gebv <- M_wagombea %*% fit$u + c(fit$beta)
```

Hakikisha jedwali la wagombea lina alama zilezile, kwa mfuatano uleule, na aleli, yaani umbo la alama, iliyohesabiwa 1 ni ileile. Seti mbili zikitoka maabara mbili, aleli hugeuzwa kirahisi, na R haitalalamika. Dalili yake ni usahihi kushuka ghafla hadi karibu na sifuri kwa wagombea, ilhali ndani ya kundi la mafunzo ulikuwa mzuri.

Kwa nini ujisumbue, kama utabiri una makosa kuliko jaribio la shambani? Jibu limo katika mlinganyo wa mafanikio kwa mwaka:

```
R = (i × r × σA) / L
```

Hapa R ni mafanikio kwa mwaka, i ni ukali wa uteuzi, r ni usahihi, yaani uwiano wa thamani iliyokadiriwa na thamani halisi ya uzazi, σA ni mchepuko sanifu wa thamani za uzazi, na L ni miaka ya duru moja. Tuweke namba za mfano. Unachagua asilimia 10 bora, hivyo i ni 1.755, na σA ya mavuno ni kilo 400 kwa hekta. Kwa njia ya kawaida, urithikaji wa wastani wa majaribio, yaani sehemu ya tofauti za mavuno inayotokana na jeni, ni 0.5, hivyo r ni mzizi wake, 0.71, na duru inachukua miaka 5: unapata karibu kilo 100 kwa mwaka. Kwa utabiri, r ni 0.45 tu, lakini unakrosi miche iliyotabiriwa bila kusubiri majaribio, duru ikiwa miaka 2: unapata karibu kilo 158. Usahihi mdogo umelipwa na muda. Gawanya namba hizo kinyume na utaona kizingiti: r ikishuka chini ya 0.28, faida yote imekwisha na ungebaki na njia ya kawaida.

Na r hushuka kweli. Kila krosi huvunja uhusiano kati ya alama na jeni, na wagombea wanazidi kuwa mbali na kundi la mafunzo. Ukizungusha duru tatu bila kupima chochote shambani, unaweza kuwa unachagua kelele huku thamani zilizotabiriwa zikiendelea kupanda vizuri kwenye skrini. Kwa hiyo chukua sehemu ya wagombea wa kila duru, ipande kwenye mazingira unayolenga, na uiongeze kwenye mafunzo.

Hatari kubwa zaidi ni kudanganywa kuhusu r tangu mwanzo. Ukigawa kundi la mafunzo bila mpangilio ili kujaribu modeli, ndugu wa familia moja huangukia pande zote mbili, na modeli inaonekana sahihi kwa kutambua tu familia ipi ni bora. Lakini uteuzi wako utafanyika ndani ya familia, ambako tofauti hiyo haipo. Toa familia nzima, tabiri, kisha pima uwiano ndani ya familia hiyo. Toa pia mwaka mzima, kwa sababu utabiri wa mwaka uleule hubeba mvua ya mwaka ule. Kumbuka vilevile kwamba uwiano wa utabiri na mavuno yaliyopimwa bado si r. Ugawanye kwa mzizi wa urithikaji. Uwiano wa 0.32 ukiwa na urithikaji wa 0.5 unatoa r ya 0.45.

Programu nyingi hatimaye huunganisha njia hizi, na hapo mpangilio una mtego. Tuseme una mimea 200 ya F2, yaani kizazi cha pili cha krosi, jeni tatu za ukinzani zinazohitajika, na modeli ya mavuno. Ukidai mimea yenye nakala mbili za jeni zote tatu, ni 1 kati ya 64, yaani mimea 3, na hakuna kinachobaki cha kuchagulia mavuno. Dai badala yake angalau nakala moja ya kila jeni: ni 27 kati ya 64, kama mimea 84. Hiyo ndiyo unayoipima jenomu nzima na kuitabiria mavuno, na jeni za ukinzani unazikamilisha kwa alama katika uzao wa ile iliyoshinda.