Kwa nini aliyezoea sanamaki hukosa choo anapoiacha?

"Nimekunywa sanamaki kwa miaka. Nikiacha siku mbili tu, sipati choo kabisa. Je, kwa nini, na nitumie nini badala yake?"

Sehemu kubwa ya jibu imo katika hizo siku mbili zenyewe, kwa kuwa mara nyingi anayedhani amefunga choo huwa utumbo wake ni mtupu na bado haujapata cha kutoa.

Majani ya sanamaki yana viambato viitwavyo senosidi, ambavyo hupita tumboni na katika utumbo mwembamba karibu bila kufanya lolote. Vikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huvivunja na kutoa kemikali inayouamsha ukuta wa utumbo ujikaze na kusukuma kwa nguvu, na wakati huohuo kuuzuia usifyonze maji kama ilivyo kazi yake ya kila siku. Kwa sababu safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12, anayeinywa baada ya chakula cha usiku huamshwa nayo alfajiri.

Sasa tufuate siku za juma moja. Mtu anakunywa sanamaki Alhamisi usiku, na Ijumaa kabla ya jua kuchomoza ameshaenda msalani mara tatu. Choo cha kawaida hutoa kilichokusanyika katika sehemu ya mwisho ya utumbo tu, na kingine hubaki nyuma kikingoja zamu yake. Dawa hii haingoji zamu; huondoa na kile ambacho kingetoka Jumamosi na pengine Jumapili. Mabaki ya chakula huhitaji kati ya siku moja na nusu na siku tatu kupita katika utumbo mpana, kwa hiyo mtu huyu akikaa Jumamosi na Jumapili bila choo, mwili wake haujakosea kitu. Lakini yeye anahesabu siku, anaingiwa na wasiwasi, na Jumapili usiku anachemsha sanamaki tena. Laiti angengoja hadi Jumatatu jioni au Jumanne, huenda choo kingekuja chenyewe. Watu wengi wameingia katika uzoefu huu kwa njia hiyo, wakiitibu nafasi tupu ambayo dawa ya jana ndiyo iliyoiacha. Inafaa pia kukumbuka kwamba kwenda choo kila siku si sharti la afya. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida, ilimradi choo ni laini na mtu hajikamui.

Hapa Mombasa sanamaki ina heshima yake, na sina nia ya kuivunja. Jina lenyewe laihusisha na Makka, inatajwa katika hadithi za Mtume (SAW), na wazee wetu waliitumia kama haluli, yaani dawa ya kulifungua tumbo pale linapofunga, kisha wakaiweka kando. Hospitalini nako vidonge vyake hutolewa kwa kusudi hilohilo. Kilichobadilika ni desturi ya kuinywa kila usiku kwa jina la kusafisha tumbo au kupunguza kitambi, hali uzito unaopungua ni wa maji na kinyesi tu, si wa mafuta, kwa sababu chakula huwa kimeshafyonzwa katika utumbo mwembamba kabla dawa haijaanza kazi.

Shangazi yangu wa Mji wa Kale alianza hivyo. Alinunua pakiti ya majani Marikiti baada ya Ramadhani moja iliyomfunga tumbo, akanywa, akaona raha. Mara moja kwa wiki ikawa siku moja baada ya nyingine, kisha ikawa kila usiku, na kile kijiko kimoja cha chai kikawa ukufi. Kipimo ndipo majani yanapomhadaa mtu. Kijiko cha chai cha majani makavu kina uzito wa takriban gramu moja na nusu, na majani yenye ubora wa dawa huwa na angalau asilimia 2.5 ya viambato hivyo, yaani karibu miligramu 37, ingawa si vyote vinavyotoka ndani ya maji. Kipimo cha mtu mzima katika vidonge kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 30 kwa siku, na hushauriwa kisipite wiki moja au mbili bila usimamizi wa daktari. Ukufi wa shangazi ulikuwa mara kadhaa ya hapo, na hakuna siku uliyolingana na siku nyingine.

Miaka minne baadaye alianza kulalamika kwamba ngazi za nyumba yake zimekuwa ndefu. Miguu ilikuwa mizito, moyo ulimpapa usiku, na choo kilikuwa kigumu zaidi kuliko mwanzo. Kipimo cha damu kilionyesha potasiamu ya milimoli 2.9 kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida huanzia 3.5. Potasiamu ni madini ambayo misuli yote huyahitaji ili ijikaze, na kuharisha kwa muda mrefu huyatoa mwilini kwa wingi. Shangazi alikuwa pia akimeza dawa ya presha ya kukojoza maji, ambayo nayo hutoa potasiamu, kwa hiyo alikuwa akiipoteza kwa milango miwili. Ukuta wa utumbo nao ni misuli. Ukikosa potasiamu hulegea, choo huchelewa, na mgonjwa huongeza dawa ileile inayoendelea kuimaliza. Huu ndio mzunguko wa pili, na ni wa hatari kuliko ule wa kwanza, kwa sababu moyo nao ni msuli. Anayetumia digoksini kwa ajili ya moyo anaweza kudhurika vibaya potasiamu ikishuka.

Mara nyingi husemwa kwamba sanamaki huua mishipa ya fahamu ya utumbo na kuufanya "mvivu" milele. Hofu hiyo ina asili katika maelezo ya zamani ya wagonjwa waliotumia dawa kali za kuharisha kwa miaka mingi, baadhi yake zikiwa dawa ambazo hazitumiki tena, lakini utafiti wa baadaye haujathibitisha kwamba sanamaki kwa kipimo cha kawaida huleta uharibifu huo. Ukuta wa utumbo hugeuka rangi na kuwa wa kahawia baada ya miezi ya matumizi, na daktari huweza kuuona kwa kamera, lakini rangi hiyo hufifia mtu akiacha. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa aliyeambiwa utumbo wake umekufa huona hana la kufanya ila kuendelea kunywa, ilhali wengi wanaweza kutoka.

Kubadilisha jina la mti hakusaidii. Utomvu wa manjano wa mshubiri, ule mchungu ulio chini ya ganda la jani, una viambato vya jamii moja na vya sanamaki. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sanamaki ndani, hata pale ambapo maandishi makubwa ya pakiti yanataja maua na matunda. Mafuta ya nyonyo hutumia kemikali nyingine, na vidonge vya bisakodili vivyo hivyo, lakini vyote huuchochea utumbo kwa nguvu, na anayehama kutoka kimoja hadi kingine hajaacha kitu.

Daktari wa shangazi aliirudisha kwanza potasiamu, akambadilishia dawa ya presha, kisha akampa dawa inayofanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Ilikuwa unga wa makrogoli, gramu 17 ndani ya glasi ya maji kila asubuhi. Unga huu haufyonzwi na hauuchochei utumbo. Hushika maji yaliyonywewa na kuyafikisha hadi kwenye choo, kikabaki laini. Laktulosi, ile dawa ya maji yenye utamu, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa mililita 15 hadi 30 kwa siku, ila huleta gesi mwanzoni. Zote mbili huhitaji siku moja hadi tatu kabla ya kuonyesha matokeo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa wamezoea dawa inayoitika alfajiri. Sanamaki yenyewe aliipunguza nusu kwa wiki, akafika robo kijiko siku moja baada ya nyingine, kisha akaiacha. Wiki ya kwanza bila dawa miguu yake ilivimba na mizani ikapanda karibu kilo mbili. Mwili uliozoea kupoteza maji huwa umejifunza kushikilia chumvi na maji, na huchukua wiki moja au zaidi kuachia. Bahati nzuri alikuwa ameonywa. Asiyeonywa hudhani uchafu umerudi, naye hurudia pakiti yake.

Chakula kilifuata polepole. Shangazi alikuwa mtu wa wali mweupe mchana na mkate asubuhi, na gramu 100 za wali huo hazifikishi hata nusu gramu ya nyuzinyuzi. Mbaazi zilizopikwa, kwa uzito huohuo, zina zaidi ya gramu 6. Bakuli la mbaazi za nazi mara nne kwa wiki, mchicha au kisamvu pembeni, na papai baada ya chakula vilitosha kuleta tofauti, lakini aliongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi kwa ghafla hujaza tumbo gesi. Baadaye aliongeza kijiko cha chai cha isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayovimba, ambayo ni lazima yakorogwe katika glasi nzima ya maji na kunywewa mara moja, kabla hayajaganda. Isabgoli haimfai mwenye shida ya kumeza wala ambaye utumbo wake umeziba.

La mwisho alilobadilisha ni saa na mkao. Utumbo mpana husukuma zaidi baada ya mtu kuamka na kupata staftahi, kwa hiyo alianza kwenda msalani dakika 20 baada ya chai, awe amebanwa au hakubanwa, bila kujikamua. Nyumba ya mwanawe ina choo cha kukalia, naye huweka kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, kama anavyokaa mtu aliyechutama, kwani mkao huo huinyoosha njia ya haja kubwa.

Wapo ambao haya hayawahusu kwanza. Anayemeza vidonge vya kuongeza damu, au dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli, huenda amefungwa choo na dawa hizo, na azizungumzie na aliyemwandikia. Mjamzito na mtoto mdogo wasipewe majani ya kuchemsha ambayo kipimo chake hakijulikani. Tumbo lililovimba na kuuma pamoja na kutapika na kushindwa hata kutoa ushuzi ni dharura, na sanamaki wakati huo inaweza kuua. Damu katika choo, kupungua uzito bila sababu, au choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyepita miaka 50 vinahitaji uchunguzi kabla ya dawa yoyote. Anayekwenda hospitali achukue ile pakiti ya majani mkononi na kuiweka mezani, kwa sababu shangazi aliulizwa mara mbili anatumia dawa gani, na mara zote mbili alitaja vidonge vya presha peke yake.