Moyo unakwenda mbio kabla ya mtihani: maswali ninayoulizwa kila msimu

Daktari, mtihani ukikaribia moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, viganja vinaloa jasho, tumbo linavurugika. Si nina ugonjwa wa moyo mimi?

Kama unakimbia, unapanda ngazi na unacheza mpira bila kuzimia wala kubanwa kifua, na hali hii inakujia mtihani unapokaribia tu, hapana. Huo ni wasiwasi wa mtihani. Ubongo umeona kazi kubwa iko mbele, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni ya adrenalini kwenye damu, na moyo unaongeza mwendo ili oksijeni na sukari zifike upesi kwenye misuli na kichwani. Jasho linaupoza mwili unaojiandaa. Tumbo linavurugika kwa sababu sehemu ya damu yake imehamishiwa kwingine. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Kukuta 110 au 120 mlangoni mwa chumba cha mtihani hakunishtui hata kidogo. Ukipanda kilima kwa haraka unafika huko huko, na hujawahi kuja kwangu kulalamika kuhusu kilima.

Kinachowaangusha wengi ninaowapokea ni tafsiri. Moyo unadunda, mtu anajiambia "kuna kitu kibaya", hofu hiyo inaleta adrenalini zaidi, moyo unazidi, naye anaona amepata ushahidi. Anaweza kuzunguka humo mpaka karatasi ikusanywe.

Basi nipe mbinu ya kutulia kabisa kabla sijaingia.

Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Kusubiri utulie ndipo uanze kuandika ni kosa kubwa kuliko yote ninayoyaona. Mwili ulioamka hauamrishwi ulale ndani ya dakika 5. Unachoweza kubadili haraka ni maana unayoipa hali yako.

Mwaka 2010 mtafiti Jeremy Jamieson na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Marekani kwa wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili. Kabla ya mtihani wa majaribio, kundi moja liliambiwa kwamba mwili kuchangamka kwa wasiwasi kunaweza kumsaidia mtu afanye vizuri. Kundi la pili halikuambiwa hivyo. Walioambiwa walipata alama za juu zaidi kwenye sehemu ya hesabu, na hata kwenye mtihani wenyewe baadaye waliwazidi wenzao katika sehemu hiyo. Hakuna aliyepewa dawa wala kipindi cha ziada cha hesabu.

Kwa hiyo moyo ukianza, taja unachokisikia pamoja na kazi yake, kimoyomoyo: "Moyo unadunda, unapeleka damu kichwani. Viganja vimeloa, mwili uko tayari. Nimepania." Usijiambie "nimetulia" huku magoti yanagongana, hutajiamini. Na tuelewane: maneno haya humsaidia aliyesoma. Adrenalini haijui kemia.

Rafiki yangu ana vidonge vya kushusha mapigo. Nimeze kimoja tu asubuhi ya mtihani?

Usimeze. Usimeze hata nusu. Vidonge vinavyopitishwa mkono kwa mkono mara nyingi ni propranololi, ambayo hupunguza kasi ya moyo. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa na kumletea shambulio, na kwa mwenye shinikizo la chini la damu inaweza kumwangusha. Vingine ni vya kutuliza vya jamii ya diazepamu. Hivyo vinakufanya uzubae na vinavuruga kumbukumbu, yaani umeingia mtihanini ukiwa umeacha nyumbani kile ulichokwenda kukitumia.

Wapo wagonjwa ambao daktari huwaandikia dawa baada ya kuwapima na kuwauliza historia yao. Mfuko wa rafiki yako haujakupima. Narudia kwa sababu nimechoka kuliona: moyo unaodunda kabla ya mtihani hauhitaji kuzimwa.

Nimeambiwa nivute pumzi ndefu. Nikivuta ndipo kizunguzungu kinazidi na vidole vinakufa ganzi. Sasa je?

Unavuta sana, tena harakaharaka. Ukipumua hivyo unatoa kaboni dayoksaidi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana kidogo na kichwa kinakuwa chepesi. Kisha huja ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole. Binti mmoja aliletwa kwetu akiwa ameshikiliwa na wenzake wawili, vidole vimekakamaa na kujikunja, nao wanampepea na kumhimiza, "Vuta! Vuta pumzi!" Kila alivyowatii ndivyo alivyozidi. Tulimkalisha, tukamwambia asahau kuvuta, atoe tu, polepole. Baada ya dakika chache vidole vikanyooka vyenyewe.

Mkazo uko kwenye kutoa. Kaa, nyayo zote sakafuni, kiganja kimoja juu ya tumbo chini ya mbavu. Vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, mabega yasipande, tumbo lisukume kiganja. Usijaze kifua, vuta kiasi cha kawaida tu. Toa kwa mdomo uliobanwa kidogo ukihesabu hadi 6. Kila hesabu ni kama sekunde 1, kwa hiyo unapata pumzi 6 kwa dakika. Mwili wenyewe hupunguza mwendo wa moyo kidogo kila unapotoa hewa, ndiyo maana tunataka kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Endelea dakika 3 hadi 5. Kizunguzungu kikija, punguza kiasi cha hewa unachovuta. Na ile habari ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi, iacheni. Ikitokea aliyeshikwa ana shambulio la pumu, mtakuwa mmemnyima oksijeni.

Lifanye zoezi hili kila siku kuanzia wiki mbili kabla, kwa sababu anayelijaribu mara ya kwanza siku ya mtihani huhangaika na hesabu badala ya kupumua. Wala usilipime kwa kuangalia kama moyo umenyamaza. Kama kalamu inashikika na unaweza kusoma swali ukalielewa, limefanya kazi.

Nyumbani najua kila kitu. Nikiiona karatasi kichwa kinakuwa cheupe.

Nyumbani unasoma, hujibu. Ukilisoma daftari mara ya nne maneno yanakuwa mazoefu, ukadhani unayajua. Kisha unakutana kwa mara ya kwanza na daftari lililofungwa, saa inayokwenda na moyo unaodunda, vyote asubuhi moja. Lazima uvizoee mapema.

Chukua mtihani wa saa 3 wenye maswali 5 ya alama 20 kila moja. Una dakika 180. Tenga 10 za kusoma maswali na 10 za kupitia majibu mwishoni. Zinabaki 160, yaani dakika 32 kwa swali. Mwanafunzi mmoja niliyemfuatilia hakuwahi kupiga hesabu hii. Swali la kwanza alilirembesha karibu saa nzima, halafu akitupia saa jicho mkono unaanza kutetemeka, naye anasema ana ugonjwa wa neva.

Tulimpa swali moja la mtihani uliopita, daftari limefungwa, aandike mpaka amalize kisha atuambie ametumia muda gani. Dakika 50. Safari iliyofuata tukaweka kengele ya dakika 40, ikilia kalamu chini hata kama yuko katikati ya sentensi. Hapo alilia, na sikumwonea huruma sana, maana msimamizi naye hatamwonea. Aligundua kwamba dakika 10 nzima zilikuwa zinaishia kwenye utangulizi ambao hauna alama. Akaukata. Tukashuka hadi 32, tukaunganisha maswali mawili, mwisho mtihani mzima, saa ile ile ambayo mtihani wenyewe ungeanza, simu ikiwa chumba kingine. Moyo ulidunda katika mazoezi hayo pia. Ndivyo tulivyotaka, ajifunze kwamba anaweza kuandika huku unadunda.

Wengi huliharibu zoezi hili kwa kusimamisha saa wanapokwama, au kuchungulia jibu "mara moja tu". Ukikwama, acha nafasi, nenda kipengele kinachofuata, saa iendelee. Kusahihisha ni baada ya kengele.

Ikinipata katikati ya mtihani, si afadhali nitoke nje nipate hewa?

Usitoke. Najua inaonekana busara. Ukitoka moyo utashuka, na ubongo utaandika kwamba kile chumba kilikuwa hatari na mlango ndio uliokuokoa. Mtihani ujao dalili zitakuja mapema zaidi. Wapo wanaoanza kwa kutoka dakika 5, na baada ya muda hawaingii kabisa.

Weka kalamu chini. Nyayo sakafuni. Pumzi 6 za kuvuta kwa 4 na kutoa kwa 6, hiyo ni dakika 1 tu kati ya 180. Jiambie moyo unafanya kazi gani. Kisha shika swali rahisi kuliko yote na uandike chochote unachokijua juu yake, hata kanuni moja au maana ya istilahi moja. Hofu kali ya namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, halafu huanza kushuka hata kama hukuifanyia kitu. Usingoje ishuke ndipo uandike. Andika ukitetemeka. Mwandiko mbaya husahihishwa, karatasi tupu haisahihishwi.

Mwanangu ana wasiwasi, nampa kahawa kali ili akeshe amalizie mada zilizobaki. Nakosea?

Unakosea, mzazi mwenzangu. Kafeini yenyewe inaongeza mapigo na kutetemesha mikono, na baada ya saa 5 hivi karibu nusu yake bado iko mwilini. Mtoto anaingia na wasiwasi wake na wa kahawa juu yake. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vivyo hivyo. Alichosoma mchana hupangwa kichwani akiwa amelala, hivyo mwache alale.

Sasa ni lini nije hospitali?

Njoo siku hiyo hiyo ukizimia, hasa ukiwa kwenye mazoezi, au ukipata maumivu ya kifua unapokimbia, au kifua kikitoa mluzi na pumzi kukata. Njoo pia kama moyo unalipuka ghafla umekaa tu, hufikirii mtihani, ukapiga zaidi ya 150 kwa dakika au kwa kurukaruka, au kama ndugu wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana. Hayo tunayapima, hatuyapumulii.

Kama mtihani umepita na wasiwasi umebaki, hulali, umeanza kukwepa masomo au huingii darasani bila kidonge au pombe, mwone mhudumu wa afya au mshauri nasaha wiki hii. Na kama umeanza kuona afadhali kufa kuliko kufeli, mwambie mtu mzima unayemwamini leo, akulete, na usikae peke yako. Waliochelewa kuja na hili huniambia walikuwa wanangoja mitihani iishe kwanza. Usingoje.