Barua ya Kuomba Mshahara Upitiwe Baada ya Kuongezewa Kazi: Tenganisha Deni na Ombi

Barua nyingi za kuomba nyongeza tunazoletewa kwenye dawati la ushauri wa masuala ya kazi zina kasoro moja kubwa. Mfanyakazi amechanganya mambo mawili ambayo sheria inayatazama tofauti kabisa: saa za ziada alizokwisha kuzifanya, na uzito mpya wa kazi anayoomba ipandishiwe mshahara. La kwanza ni deni, la pili ni ombi. Yakiwekwa kapu moja, meneja hulijibu lote kama ombi, na deni linapotea humohumo.

Tuchukue mfano wa mtunza stoo wa kampuni binafsi Dar es Salaam. Mkataba wake ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 9 kwa siku, yaani 45 kwa wiki, kiwango cha juu cha saa za kawaida kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayotumika Tanzania Bara. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000. Mwisho wa Januari 2025 ofisa manunuzi aliacha kazi. Tarehe 3 Februari meneja akamwambia kwa mdomo, "Shikilia manunuzi ya wasambazaji wa hapa mjini kwa muda." Tangu hapo anakusanya profoma, anaandaa oda, anafuatilia mizigo, na kila Jumamosi anakuja kazini kwa muda wa saa tano kupokea magari.

Tuanze na Jumamosi. Kupata malipo ya saa moja, sheria inaelekeza uzidishe 4.333 kwa saa za wiki, kisha mshahara wa mwezi ugawanywe kwa jibu hilo. Kwa saa 45 unapata karibu 195, na 780,000 ukigawa kwa 195 ni shilingi 4,000. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, kwa hiyo ni 6,000. Jumamosi tatu za Februari ni saa 15, sawa na shilingi 90,000. Hizo hadai kwa barua ya nyongeza. Anazidai mwisho wa mwezi kwa barua fupi au fomu ya ofisi, akiambatanisha nakala ya daftari la mahudhurio. Asizilimbikize akisubiri siku ya kuzungumzia mshahara, kwa sababu mgogoro wa namna hii unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Tumewaona watu wenye madai ya kweli kabisa wakikwama kwa sababu walikaa kimya miezi mingi kwa heshima.

Kuna wasioguswa na kanuni hii ya saa. Anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hadai saa za ziada kwa kanuni hiyo. Huyo, akiongezewa kazi, njia yake ni mazungumzo ya mshahara tu.

Sasa barua yenyewe. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri kumpandishia mtu mshahara ulio juu ya kima cha chini kwa sababu tu kazi imeongezeka. Kinachomsaidia mtunza stoo ni kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo. Kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na maelezo hayo yakibadilika, yarekebishwe kwa kushauriana na mfanyakazi, naye ajulishwe kwa maandishi. Kwa hiyo barua isianze na pesa. Ianze na badiliko la kazi, kisha pesa ifuate kama matokeo yake. Meneja anaweza kukataa kiwango unachotaja, lakini ni vigumu kukana kwamba kazi imebadilika ikiwa umemwekea tarehe na hati mbele yake.

Ndiyo maana agizo la mdomo lisiachwe hewani. Siku ileile mtunza stoo angetuma ujumbe wa heshima: "Bosi, nathibitisha nimeanza kushughulikia manunuzi ya wasambazaji wa mjini kuanzia leo kama ulivyoelekeza." Jibu la neno moja, "Sawa," linatosha kuwa ushahidi.

Barua aliyoandika Mei ilikuwa hivi:

"YAH: OMBI LA KUPITIWA MAELEZO YA KAZI NA MSHAHARA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Niliajiriwa kama mtunza stoo, na majukumu yangu yameorodheshwa kwenye mkataba. Kuanzia tarehe 3 Februari 2025, kwa maelekezo yako, nimekuwa pia nikifanya manunuzi ya wasambazaji wa Dar es Salaam, kazi iliyokuwa ya ofisa manunuzi, ambaye nafasi yake bado iko wazi.

Kati ya Februari na Aprili nimeandaa oda 46, kila moja ikiwa na profoma tatu. Orodha yake nimeiambatanisha.

Naomba maelezo ya kazi yangu yarekebishwe yaonyeshe majukumu haya, na mshahara wangu wa msingi upitiwe kutoka shilingi 780,000 hadi 930,000. Iwapo majukumu haya ni ya muda, naomba nijulishwe yataisha lini, na nipewe posho ya kipindi hicho.

Naomba nafasi ya kuonana nawe kuhusu jambo hili kabla ya tarehe 23 Mei.

Nakala: Ofisa Rasilimali Watu"

Tazama yaliyoachwa. Hakuna ada za watoto wala kodi ya nyumba. Ni shida za kweli, lakini zinamfungulia meneja mlango wa kujibu kwa pole au kwa mkopo wa mshahara, na suala la kazi likaishia hapo. Hakutaja pia mshahara wa aliyeondoka, hata kama anaujua. Kusema nafasi iko wazi kunatosha. Meneja anajua ni kiasi gani hakilipwi kila mwezi.

Pingamizi la kawaida ni ile sentensi ya mkataba: "na majukumu mengine atakayopangiwa." Kwa maoni yangu, sentensi hiyo inafaa kwa kazi ya mara mojamoja iliyo karibu na ya kwako, kama kusaidia kuhesabu mali mwisho wa mwaka. Kazi ya nafasi nyingine inayofanywa kila wiki kwa miezi mitatu ni jambo jingine, na zile oda 46 zimewekwa kwenye barua kwa sababu hiyo.

Kuwa makini zaidi na jibu la "tutakupa posho." Posho si mshahara wa msingi, na hesabu ya saa za ziada pamoja na kiinua mgongo hufuata mshahara wa msingi. Mtunza stoo akipewa posho ya 150,000, saa yake ya ziada inabaki 6,000. Akiongezwa kiasi hichohicho kwenye msingi, 930,000 kwa 195 ni karibu 4,769, na saa ya ziada inafika takriban 7,154. Posho inafaa pale ambapo kazi ni ya muda na tarehe ya mwisho imeandikwa. Kama tarehe haipo, aiombe kwa maandishi kabla ya kutia saini, na aombe sentensi moja iongezwe: kwamba majukumu yakiendelea baada ya tarehe hiyo, mshahara wa msingi utapitiwa upya.